Tulivyojiandaa kwa kikao cha kwanza cha ushauri nasaha wa ndoa

Kabla mimi na mume wangu hatujaenda kwa mshauri nasaha, karibu kila aliyejua alinihimiza niandike makosa ya mwenzangu yote, nisisahau hata moja. Nafurahi kwamba sikuwasikiliza, kwa sababu mshauri wa wanandoa hasikilizi kesi wala hatoi hukumu. Anachotaka kukiona ni jinsi ugomvi wenu unavyoanza, unavyopamba moto na unavyoishia.

Kazi kubwa tuliifanya kwa simu, kabla ya kuweka miadi. Nilipiga huku nimeweka spika ili mume wangu asikie kila neno, maana mshauri aliyetafutwa na mmoja huonekana tangu mwanzo kuwa ni wa upande wake. Tuliuliza kama amesomea kuhudumia wanandoa, kisha tukauliza swali ambalo ningemshauri kila mtu aulize: "Mmoja wetu akikueleza siri faraghani, utaifanyaje?" Wa kwanza alisema tusiwe na wasiwasi na hilo, papo hapo akaniuliza mume wangu ana tatizo gani. Tulimshukuru, tukaachana naye. Wa pili alieleza bila kusita kwamba hamfichii mmoja jambo linalogusa ndoa. Humpa mwenye siri nafasi ya kuisema mwenyewe, na akikataa, huenda vikao vikasimama. Wapo washauri wenye utaratibu mwingine, nao unakubalika, ilmradi muujue kabla hamjaanza kuzungumza.

Badala ya orodha ya makosa, kila mmoja wetu aliandika ugomvi mmoja wa karibuni, usio mkubwa mno, kwa mfuatano wake. Wetu ulikuwa huu: alichelewa kurudi bila kupiga simu, nikamuuliza, akajibu kwa mkato, nikazidi kuuliza, akaingia chumbani, nikamfuata, akatoka nje. Mshauri alituonyesha kwamba kadiri nilivyomfuata ndivyo alivyokimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo nilivyomfuata. Mume wangu alikuwa ameandika kwamba alitoka ili asiseme neno la kuniumiza. Mimi siku zote nilidhani ananidharau.

Kikao chenyewe kilianza na maelezo ya usiri na mipaka yake, hasa pale maisha ya mtu au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Baadaye alituona mmoja mmoja kwa muda mfupi, akaniuliza kama namwogopa mume wangu au kama amewahi kunipiga. Msishtuke mkiulizwa hivyo: penye kipigo au vitisho, kuzungumza pamoja kunaweza kumletea anayeonewa madhara akifika nyumbani, kwa hiyo usalama wake hushughulikiwa kwanza.

Suluhisho hatukulipata siku hiyo, wala hakutuahidi. Muda mwingi ulikwenda kwenye historia yetu na kile ambacho kila mmoja angependa kibadilike. Tulitoka tumechoka, na kama tulivyokubaliana mapema, hatukukijadili kikao hicho hadi kesho yake.