Wakala au mwajiri? Nilivyoichunguza kampuni iliyotaka kunipeleka kambini

Barua ya ajira iliingia WhatsApp ikiwa na kila kitu ambacho mtu asiye na kazi hutamani kukiona: nembo, mhuri wa bluu, nafasi ya karani wa stoo, mshahara wa shilingi 650,000 kwa mwezi na malazi ya kambini. Nina diploma ya ununuzi na ugavi niliyosomea TIA, kampasi ya hapa Mtwara, na tangu nimalize nilikuwa nashika daftari kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu pale Chikongola. Kituo cha kazi kiliandikwa "kambi ya mteja wetu, ukanda wa gesi, Mtwara Vijijini". Mteja mwenyewe hakutajwa jina.

Kilichonichanganya ni kwamba hawakuomba hela. Hapa mjini tumeshazoea kumkimbia mtu anayekwambia utume elfu themanini ya vipimo vya afya. Hawa walitaka kitu kimoja tu, nacho kiliandikwa mwisho kabisa wa barua: nusu ya mshahara wa kwanza ingekatwa "kama gharama za kumpatia mtumishi ajira". Mama aliposikia akasema afadhali hao, wanakula baada ya wewe kula. Mimi kifungu kile hakikunikaa sawa, nikakizunguka siku nzima dukani bila kujua hasa kinachonisumbua ni nini.

Nikaanza na jina. Barua ilisema kampuni ni "Limited" na kwamba ipo sokoni tangu 2012. Nilimwandikia dada aliyenitumia barua, kwa adabu tu, nikamwomba cheti cha usajili. Akakileta bila kinyongo, na ni kweli kilikuwa cha BRELA. Ila kilikuwa cheti cha jina la biashara. Hapa ndipo wengi wetu tunapoona nembo ya serikali tukaridhika. Kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, na ikishasajiliwa inakuwa mtu kisheria: inashtaki, inashtakiwa, ina wakurugenzi. Jina la biashara husajiliwa chini ya Sura ya 213, na nyuma yake kuna mtu au watu wanaofanya biashara kwa jina hilo. Ni halali kabisa, hata duka la mjomba lina jina la biashara. Lakini jina la biashara haliwi "Limited", na ukidai mshahara unamdai mwenye jina, si kampuni.

Niliingia ors.brela.go.tz, mfumo wa BRELA wa mtandaoni, nikatafuta jina lile. Kutafuta jina ni bure. Ukitaka taarifa rasmi ya wamiliki ndipo unapolipia ada. Jina lilikuwepo kama jina la biashara tu, na tarehe ya usajili haikuwa na uhusiano wowote na 2012; ilikuwa ya juzijuzi. Kampuni yenye jina hilo sikuiona. Bado sikusema hawa ni matapeli. Watu hufanya biashara miaka mingi kabla ya kusajili. Nililoweza kusema ni kwamba barua inadai kitu ambacho cheti hakisemi.

Mjomba ndiye aliyenisukuma kwenda Ofisi ya Kazi ya mkoa. Nilidhani ni mahali pa watu waliofukuzwa kazi, kumbe hata ambaye hajaajiriwa anasikilizwa. Afisa kazi alisoma barua yangu kimyakimya, akarudi kwenye kile kifungu cha mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, hawa ni mawakala au ni waajiri wako?" Nikamwambia sijui. Akasema, basi hilo ndilo la kuuliza, na usiulize lingine mpaka upate jibu.

Alinieleza hivi. Wakala binafsi wa ajira anahitaji leseni ya Kamishna wa Kazi, na leseni hiyo haina uhusiano na BRELA. Mtu anaweza kuwa na cheti safi cha usajili na asiruhusiwe kumtafutia mtu kazi. Mwenye leseni, kwa kanuni za mwaka 2014, kazi yake ni kumuunganisha mtafuta kazi na mwenye kazi. Malipo yake anayapata kwa mwenye kazi. Kumtoza mtafuta kazi hairuhusiwi, iwe mkononi leo au kwenye mshahara kesho. Wala wakala hageuki kuwa mwajiri wa yule aliyemtafutia kazi. Mkataba unasainiwa na yule utakayemfanyia kazi.

Kwa hiyo barua yangu ilikuwa na miguu miwili inayokwenda njia tofauti. Juu iliandika jina la wale jamaa kwenye sehemu ya "mwajiri". Chini ilinikata ada ya kutafutiwa kazi. Ukiwa mwajiri wangu, umenitafutia kazi kwa nani? Na ukiwa umenitafutia kazi kwa mwingine, leseni yako iko wapi?

Nikampigia yule dada. Nilimuuliza kwanza leseni ya uwakala. Akacheka kidogo: "Hapana mpenzi, sisi si mawakala, sisi ndio waajiri wenyewe, mteja tunampa huduma." Vizuri. Nikauliza, basi ile nusu ya mshahara ni ya nini? Akajibu bila kusita kwamba ni gharama za kunitafutia nafasi, "kila wakala anakata". Sikubishana naye. Nilimwomba tu aniandikie majibu yote mawili kwa barua pepe pamoja na jina la mteja. Kuanzia hapo sauti ikabadilika. Nafasi ina watu wengi wanaoitaka, mwisho wa kusaini ni leo saa kumi na moja jioni, mimi naonekana sina shida ya kazi. Jina la mteja alilitaja mwishoni, nadhani ili aniridhishe. Barua pepe haikuja.

Binamu yangu wa Dar alipita kwenye jengo lililoandikwa kwenye barua, akakuta mlango una jina lao na kufuli. Hilo halikunisaidia sana. Ofisi hufungwa.

Kilichosaidia ni kwenda kwa mteja mwenyewe, yule mkandarasi wa kambini. Nilipanda gari za kwenda Msimbati, nikashuka njiani, nikaenda hadi getini nikiwa na barua kwenye bahasha. Simlaumu mtu anayeona aibu kufanya hivyo; mlinzi alinitazama kana kwamba nimekuja kuuza karanga. Lakini alipiga simu ndani, na dada wa rasilimali watu akatoka. Hakuwa na muda mwingi. Alisema nafasi ya karani wa stoo hawajaitangaza, na wale jamaa waliwahi kuwaletea vibarua wa usafi na upakiaji, mkataba ukaisha, hawakuuhuisha. Wakiajiri watu wao, mkataba unakuwa na jina la mkandarasi. Nikamshukuru.

Nilipokuwa nasubiri usafiri wa kurudi, mlinzi, ambaye sasa alikuwa ameshalainika, akaniambia kuna kijana wa Naliendele aliyewahi kufanya kazi chini ya wale jamaa. Akanipa namba, baada ya kumuuliza kwanza mwenyewe.

Yule kaka tulikutana mjini kwenye kibanda cha chai karibu na stendi. Nilitegemea kusikia kwamba hawakulipwa. Hapana, walilipwa, tena kwa wakati, na hati za mshahara walipewa. Alikuwa nazo kwenye mfuko wa nailoni. Kila hati ilionyesha makato ya NSSF, asilimia 10 ya mshahara. Kwa mfumo wa NSSF jumla ya mchango ni asilimia 20, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Zinazobaki anazibeba mwajiri, na ni mwajiri anayepaswa kupeleka zote mbili kwenye Mfuko. Nikamuuliza kama amewahi kuangalia taarifa yake ya michango. Hakuwahi. Alikuwa na namba ya uanachama tangu kazi ya zamani kiwandani, tukaangalia pale pale kwa simu yake. Miezi ya kiwandani ilikuwemo yote, imepangana. Miezi ya kambini haikuwemo hata mmoja.

Tukakaa kimya. Alikuwa na hati inayosema amekatwa, na Mfuko unaosema haukupokea.

Kama kuna kitu kimoja ningemwomba mtu aliyewahi kufanya kazi mahali unapotaka kwenda, basi ni hicho: hati ya mshahara na taarifa ya NSSF, miezi ile ile, ukiziweka pamoja mezani. Maneno ya watu yana chuki na yana mapenzi. Zile karatasi mbili ama zinalingana ama hazilingani. Mwezi mmoja wa mwisho usipoonekana usihukumu haraka, kwa sababu mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuwasilisha mchango. Miezi yote ikikosekana, hapo hakuna cha kusubiri.

Jioni ile nilimwandikia yule dada kwamba sitasaini. Sikumtukana wala kumtisha. Nilimwambia nitakuwa tayari akiniletea leseni ya Kamishna wa Kazi, mkataba wenye jina la mteja kama mwajiri, na kifungu cha makato kikiwa kimefutwa. Akasoma, alama mbili za bluu zikatokea, akanifungia.

Barua ile nakala yake niliiacha Ofisi ya Kazi. Afisa aliniambia wataulizia Dodoma kama jina hilo lina leseni, na baadaye akanipigia kuthibitisha kwamba halimo kwenye orodha ya mawakala wenye leseni. Mimi nimejiandikisha TaESA, huduma ya ajira ya serikali, na bado niko dukani kwa mjomba. Yule mkandarasi alikuja kutangaza nafasi za stoo kweli, nikaomba, sikuitwa.

Kwa yule kaka wa Naliendele mambo yalikwenda mbele kidogo. Tulikwenda naye ofisi ya NSSF mkoa na ule mfuko wa nailoni. Afisa wa pale alitaka vitu viwili, hati za mshahara na mkataba, na cha kwanza alichokitafuta kwenye mkataba ni jina la mwajiri. Liliandikwa na "Limited" yake. Nikamwonyesha kwenye simu yale niliyoyakuta BRELA, kwamba hakuna kampuni, kuna jina la biashara. Akasema hiyo wala si shida, ni nafuu: watalipia taarifa rasmi wapate jina la mwenyewe, na dai litaandikwa kwa jina lake yeye binafsi. Kaka akasaini fomu, akaulizwa kama kuna wenzake waliofanya kazi naye wenye hati kama zile. Akasema wapo, wengine wamerudi Tandahimba na Newala. Akaambiwa awalete.