Mchicha wa hitima: nilivyojifunza kutofautisha kunyauka na kuoza

Siku ya hitima ya baba mkwe mimi ndiye nilikabidhiwa mboga. Nilinunua mafungu 30 ya mchicha Alhamisi jioni, maana Ijumaa asubuhi nilijua sitapata nafasi ya kutoka. Muuzaji alikuwa akiunyunyizia maji tangu mchana ili usilale, akanipakia hivyo hivyo, na kamba zake za mgomba, kwenye mifuko miwili mikubwa ya plastiki. Nikaifunga midomo. Friji lilikuwa limejaa nyama, kwa hiyo mifuko ikalala sakafuni jikoni.

Mafungu manne hayakuingia. Nikayaacha juu ya meza, wazi, bila maji wala kifuniko.

Alfajiri nilipowasha taa niliona yale manne ya mezani kwanza. Yamelala kabisa, majani yameshuka kama kitambaa, mashina yanapinda bila kuvunjika. Moyo ukanishuka. Nikafungua mfuko wa kwanza na huo ulionekana mzuri: kijani, una unyevu, majani yamesimama. Nikaingiza mkono katikati ili nitoe fungu, nikakuta joto. Joto kabisa, kama la unga uliofunikwa uumuke. Nilipotoa mkono vidole vilikuwa vinateleza na harufu ilinifuata.

Wifi yangu alikuja, akatazama, akasema, "Wifi, mwaga yote hiyo, tusije tukaumiza watu." Mama mkwe naye, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimenya vitunguu, akasema tusikimbilie kumwaga. "Mwanangu, lete beseni. Ulionyauka una kiu tu. Ulioteleza ndio wa kuuogopa." Nilimwelewa nusu tu, lakini nilifanya alivyosema, na nilichokiona asubuhi ile ndicho ninachokitumia mpaka leo.

Tulianza na mafungu manne ya mezani. Tulifungua kamba, tukakata ncha za mashina kama upana wa kidole kimoja, tukayazamisha kwenye beseni la maji ya baridi tuliyoyachota mtungini. Baada ya kama nusu saa mchicha ulikuwa umeamka. Shina lililokuwa likipinda kama uzi sasa lilivunjika kwa mlio. Sababu yake ni nyepesi: jani husimama kwa sababu ya maji yaliyojaa ndani yake. Likikaa juani au penye upepo hupoteza maji, linalegea, lakini bado ni zima. Ukilipa maji, linayavuta na kusimama tena. Limepungukiwa na vitamini kiasi, hasa vitamini C, na halina utamu wa lililochumwa asubuhi, ila halijaoza. Yale manne niliyotaka kuyatupa kwanza yalitoka mazima, tukaondoa majani machache tu ya njano chini ya mashina. Njano hiyo nayo ni uzee: ukijani wa jani umekwisha. Mimi huyaondoa kwa sababu ladha yake si nzuri, lakini jani la njano lililo kavu halijaharibika.

Mifukoni ikawa habari nyingine. Mafungu ya pembeni yalikuwa salama. Ya katikati yalikuwa na majani ya kijani cha giza, yenye mabaka ya majimaji, yanapitisha mwanga kama jani lililochovywa kwenye maji ya moto. Mama aliniambia nichukue moja nilisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Jani lililolowa tu huteleza mara moja, ukilifuta linakuwa jani. Hili halikufutika: ngozi yake ilibanduka, ikabaki kwenye kidole pamoja na ute unaovutika. Tulitia machache kwenye maji pamoja na mengine ili tuone. Baada ya nusu saa hayakuamka hata kidogo, na maji yakawa na ukungu. Jani la namna hiyo haliwezi kuamka kwa sababu kuta za ndani zimeshavunjika, halina pa kuyashikia maji. Bakteria wameyeyusha ile gundi inayoshikanisha jani, na ute unaoushika ni jani lenyewe likigeuka uji.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Mchicha uliochumwa bado unapumua, na ukipumua unatoa joto na unyevu. Mimi niliufungia ukiwa umeshalowa, umebanwa na kamba, majani yamechubuka kwa kusukumwa mfukoni. Maji, joto na mchubuko: bakteria wa kuozesha hawahitaji zaidi ya hapo, na usiku mmoja wa Dar es Salaam unawatosha.

Wifi aliuliza kama hatuwezi kuosha kwa chumvi na kuchemsha sana. Nilikataa, na ningekataa tena. Bakteria wanaolainisha mboga kwa kawaida si wale wanaomfanya mtu augue, lakini majimaji yale ni chakula kizuri kwa wengine wowote waliopo, na kwa macho huwezi kujua ni nani wameingia. Kuchemsha kunaua wengi, ila baadhi ya sumu zinazoachwa na bakteria hazitoki kwa moto.

Hata hivyo hatukutupa fungu zima kwa jani moja. Tulichambua jani kwa jani. Lenye ute lilitupwa, na yaliyogusana nalo pia yalitupwa kama yalikuwa laini. Yaliyogusana nalo lakini bado magumu tuliyaosha kwa maji ya kumwagika mara tatu, tukayanusa, tukayapika. Fungu ambalo zaidi ya nusu yake lilikuwa linateleza hatukuhangaika nalo. Kwa harufu, ambayo inachanganya jikoni penye vitunguu, mama alinionyesha kuweka majani kwenye bakuli, kufunika kwa dakika tano, kisha kufunua karibu na pua. Mchicha mzima unanuka majani na udongo. Uliooza unanuka maji ya mfereji. Mwisho wa yote tulipoteza mafungu 11 kati ya 30, tukaongeza kabichi na watu wakala.

Kuna mboga ambazo kipimo cha utelezi kinahitaji akili kidogo. Mlenda na bamia vina ute wa asili, na huo hutoka ndani ukikata au ukipika. Bamia inayoteleza kwa nje kabla hujaigusa na kisu, au yenye kichwa cheusi kilicholainika, hiyo imeoza. Kabichi nayo mara nyingi huoza jani la juu tu. Bandua mpaka ufikie jani kavu linalolia ukilivunja, ila ukikuta kikonyo cha katikati kimelainika na kinanuka, iache.

Na jani kusimama vizuri halimaanishi ni safi. Mchicha mwingi hapa mjini hulimwa mabondeni na kumwagiliwa maji usiyoyajua, kwa hiyo hata ulio mbichi kabisa naosha na kupika. Ninachokula kibichi kwenye kachumbari sikichukui kwenye mboga iliyokuwa imelala.

Siku hizi nikifika nyumbani kitu cha kwanza ni kukata kamba. Natandaza mchicha kwenye kanga kavu, natoa majani yaliyochubuka, siuoshi, nauviringisha na kuuweka ndani ya friji, sehemu ya chini. Unakaa siku mbili, wakati mwingine tatu. Umeme ukikatika nausimamisha kwenye kopo lenye maji kidogo, mashina tu ndani, majani nje, kivulini, na naupika kesho yake. Na sokoni jioni, nikipewa kuchagua kati ya fungu kavu lililolala na lile linalong'aa kwa maji, naingiza kidole katikati ya lile linalong'aa kwanza. Likiwa na joto, nachukua lililolala.