Saundiba bubu kwa shemeji

Jamani, leo nilikuwa Uyole kwa shemeji. Saundiba inawaka, picha ipo, sauti hakuna. Waya ulichomekwa HDMI 1. Nikamulika tochi ya simu nyuma ya luninga: neno ARC liko HDMI 2 tu. Tundu hilo ndilo linalotoa sauti kwenda kwenye saundiba, mengine yanapokea tu. Upande wa saundiba nao, chomeka palipoandikwa HDMI OUT (ARC), siyo HDMI IN.

Bado kimya! Tukaingia kwenye mipangilio ya luninga, tukawasha HDMI-CEC, kisha tukachagua sauti itokee HDMI ARC badala ya spika za luninga. Hapo ikaitika, shemeji akapiga vigelegele.

Yako ikigoma hata hapo, badili sauti ya kidijitali iwe PCM. Saundiba nyingine hazisomi kila aina ya sauti.