Siku moja maishani mwangu: kiti cha plastiki kilichonishughulisha kutwa nzima

Saa 12:15 asubuhi. Ninaishi Sinza, Dar es Salaam, na ninahariri video fupi za vichekesho. Kazi yangu ya leo nimeianza chumbani kabla bajaji hazijaanza kupita dirishani, kwa kuwa nahitaji kurekodi milio midogo ambayo kelele za mtaa zingeifunika. Chumba cha kulala kinafaa zaidi kuliko sebule, maana godoro, pazia zito na nguo zilizotundikwa humeza mwangwi, na mlio usio na mwangwi ni rahisi kuuhamishia katika picha yoyote.

Jana jioni nilipokea video ya sekunde 70. Kijana amekwenda ukweni kujitambulisha, amekaribishwa kiti cha plastiki ambacho mguu wake wa nyuma umeanza kuachia, na wakati baba mkwe anaeleza maana ya kuwajibika, kiti kinaendelea kulegea mpaka kinavunjika. Waigizaji walivaa maikrofoni ndogo za kubana kwenye nguo, kwa hiyo maneno yao yanasikika vizuri sana, lakini kiti, ambacho ndicho mhusika mkuu wa kichekesho hiki, hakisikiki kabisa.

Kwa sauti ya plastiki inayolemewa nimetumia jagi tupu la maji. Nimelibinya polepole karibu sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, mara kumi, kila mara kwa kasi tofauti. Kwa mlio wa kuvunjika nimevunja hanga kuukuu la nguo, uso nikiwa nimeugeuzia pembeni na miwani nikiwa nimeivaa. Kwa mwili unaoanguka nimedondosha mfuko wa mchele wa kilo 5 juu ya zulia. Kiwango cha kurekodi nilikiweka chini, kilele kisizidi -12 dB, yaani desibeli 12 chini ya kikomo cha kurekodi, kwa sababu mlio wa kuvunjika hutokea ghafla na ukishapasuka wakati wa kurekodi hakuna namna ya kuurudisha.

Ufundi huu una jina la mtu. Jack Foley wa studio ya Universal huko Marekani alianza kutengeneza milio huku picha ikipita mbele yake mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kutoa sauti, na hadi leo kazi hiyo inaitwa kwa jina lake. Mafundi wa kazi hiyo wamezoea kugonganisha vifuu viwili vya nazi ili kupata kwato za farasi, jambo ambalo sisi wa pwani, tunaoona vifuu kila siku jikoni, tungeweza kulifanya bila kununua chochote.

Saa 2:30 asubuhi. Ofisini nimemkuta kijana ninayemfundisha kazi amekwisha kufika. Ameniamkia shikamoo kaka, kisha akanionyesha jaribio alilolifanya usiku. Alikuwa ameweka milio 31 katika sekunde 70: kila jicho lililopepesa lilikuwa na mlio wa kengele, kila neno la baba mkwe lilifuatwa na ngoma nzito, na kiti kilipovunjika vilisikika vicheko vya umati ambao haumo chumbani.

Nilimwomba tuitazame video mara mbili: kwanza bila sauti, kisha kwa kusikiliza maneno pekee. Tulipoitazama bila sauti tuliona kwamba macho yetu sote wawili yanakwenda kwenye mguu wa kiti katika nyakati tatu tu. Hizo ndizo nyakati zinazohitaji mlio. Nyakati nyingine zote mtazamaji anamsikiliza mzee, na mlio wowote unaoingia hapo unamnyang'anya neno. Vicheko vya kununua navyo tuliviondoa, kwa sababu vinamwambia mtazamaji acheke mahali ambapo angecheka mwenyewe, na asipocheka basi anahisi kudanganywa.

Baada ya kuchuja tulibakiwa na milio tisa. Sita ni ya mazingira: kijiko kinachokoroga chai, kikombe kinachowekwa kwenye kisahani, nguo inayosugua kiti na mingine ya aina hiyo, yote ya chini sana. Mitatu ndiyo inayochekesha.

Saa 4:00 asubuhi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Mpangilio niliouchagua ni huu: kiti kinalia mara ya kwanza kwa muda mfupi na kijana anakaza mgongo; kinalia mara ya pili kwa muda mrefu zaidi na kwa sauti nyembamba kidogo; mara ya tatu, picha inapoonyesha mguu ukipinda, hakilii. Mtazamaji amekwisha kufundishwa kungoja mlio, na anapoukosa, mwili wake mwenyewe unakaza pamoja na ule wa kijana. Kuvunjika kunakuja baada ya ukimya huo.

Kwa mlio wa pili sikurudia rekodi ya kwanza. Sikio hugundua haraka sana kwamba limesikia kitu kilekile, na papo hapo linajua kwamba kimebandikwa. Nilichukua binyo jingine la jagi, nikalipandisha kwa semitoni mbili. Ningepandisha zaidi ya hapo, plastiki ingeanza kusikika kama mwanasesere.

Ukimya nao una siri yake. Kijana wangu alikuwa amekata sauti yote kabisa, na matokeo yake yalikuwa shimo: mtu anayetazama anadhani simu imekwama. Chumba chochote kina sauti yake, hata pasipo mtu kuzungumza. Kuna feni, kuna jirani, kuna hewa. Kwa bahati nzuri, wapiga picha walirekodi sekunde 30 za chumba kitupu kabla ya kuondoka, kama ninavyowasihi kila mara. Tulitandika sauti hiyo chini ya video yote, kisha tukanyamazisha muziki, kijiko na nguo. Kilichobaki ni sekunde moja na robo ya chumba kinachopumua. Tulijaribu sekunde mbili na kichekesho kikapoa. Tukajaribu nusu sekunde na hakuna aliyeona kwamba kulikuwa na ukimya.

Saa 6:00 mchana. Kupanga mlio na picha. Video hii ina fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu inachukua milisekunde 40. Mlio ukitangulia picha hata kwa fremu moja, mtazamaji anaweza kuhisi kasoro ingawa hawezi kuitaja, lakini ukichelewa kwa fremu moja hasumbuki. Sababu ni ya kimaumbile: mwanga hutufikia mara moja, ilhali sauti husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mtu anayepigilia msumari umbali wa mita 14 hivi tunamwona kwanza na kumsikia fremu moja baadaye. Tumezoea sauti inayochelewa, inayotangulia hatujaizoea.

Mlio wa hanga ulikuwa unachelewa kwa fremu mbili, na kijana alishangaa kwa kuwa klipu ilikuwa imeanzia mahali sahihi. Tulipoikuza picha ya wimbi tuliona kipande cha ukimya mwanzoni mwake. Alikuwa ameihifadhi rekodi kama MP3, ambayo kwa kawaida huongeza ukimya mdogo mwanzoni, na isitoshe hakuwa ameukata ule wa kabla ya hanga kuvunjika. Tulirudi kwenye faili la WAV, tukakata mpaka pale wimbi linapoinuka, tukaweka kilele chake juu ya fremu ambayo mguu unaachia. Kila klipu tuliifungua na kuifunga kwa kufifisha milisekunde chache, la sivyo mkato hutoa mlio mdogo mkavu ambao ni alama ya wazi ya kazi ya kubahatisha.

Kuanguka kwenyewe kumejengwa kwa tabaka tatu: hanga linavunjika, fremu nne baadaye mfuko wa mchele unatua, na fremu sita baada ya hapo kijiko kinadondoka sakafuni. Kijiko hicho hakikuwamo katika mpango wa mwanzo. Nilikiongeza kwa sababu baada ya kishindo kizito sikio linapenda kitu chepesi, na hapo ndipo kicheko cha pili hutokea.

Saa 8:00 mchana. Wali na maharage, na masikio yanapumzika kwa dakika 40. Sisikilizi chochote.

Saa 9:00 alasiri. Kupima viwango. Mazungumzo yanafika kileleni karibu -6 dB, milio ya mazingira imekaa kati ya -24 na -18, na kuvunjika kumeachwa kufika pale mazungumzo yanapofika, si zaidi. Hakuna haja ya kukipandisha kishindo mpaka kimtishe mtu aliyevaa hedifoni, kwa kuwa ukimya uliotangulia umekwisha kukifanya kionekane kikubwa. Wastani wa ukubwa wa sauti wa video nzima, kama sikio linavyousikia, umepimwa ukawa -14 LUFS, na hakuna kilele kinachovuka kikomo cha -1 dB.

Kisha tuliihamishia kwenye simu ya bei nafuu, na kasoro ikajitokeza: mfuko wa mchele haukusikika kabisa. Spika ndogo za simu hutoa kwa udhaifu sana sauti nzito zilizo chini ya takriban 200 Hz, na uzito wote wa mchele ulikuwa huko chini. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu unaongeza kitu ambacho spika haiwezi kukitoa. Tulirekodi kiganja kikipiga meza ya mbao, tukakipanga juu ya mchele, tukapunguza besi yake na kubakiza lile pigo kavu la katikati. Sasa simu inatoa kiganja, hedifoni zinatoa vyote viwili. Mwisho tuliongeza mwangwi mfupi sana kwenye milio yote, ili ifanane na sebule yenye sakafu ya vigae iliyomo kwenye picha badala ya chumba changu chenye godoro.

Saa 11:00 jioni. Mtayarishaji amefika kutazama. Alipomaliza aliuliza, kwa upole, "Kaka, hapa kijana anapoingia hatuwezi kuweka ule mlio wa santuri inayokwaruzwa? Watu wanaupenda." Nilimweleza kwamba mlio huo wamekwisha kuusikia mara nyingi mno, na kwamba ukiingia hapo utawaambia kichekesho kimefika wakati bado hakijafika. Nilimwekea ili ausikie mwenyewe. Akaitazama video mara mbili, mara ya pili akiangalia mguu wa kiti, akasema, "Basi dada yako nimeelewa, uondoe." Ombi lake la pili lilikuwa sahihi kuliko nilivyopanga mimi: kijiko kilichodondoka kilikuwa chini mno. Nikakipandisha kwa desibeli 3.

Saa 1:10 usiku. Video imetumwa. Kijana anayahifadhi mabinyo yote kumi ya jagi kwa majina yanayoeleweka, `jagi_polepole_01.wav` na kuendelea, katika folda ya milio yetu wenyewe. Milio tunayoipakua mtandaoni ina folda nyingine, na kila faili limeandikiwa leseni yake, kwa kuwa mwenye CC0 anaruhusu matumizi yoyote, mwenye CC BY anataka atajwe, na mwenye CC BY-NC haruhusu kazi ya biashara. Kesho kuna video ya kinyozi, na kijana wangu ameahidi kuja na mashine kuukuu ya kunyolea.