Siku Moja Maishani Mwangu: Ripoti ya Matangazo ya Pauni na Euro

Saa 3 asubuhi. Mwezi umeisha jana. Tunatangaza Uingereza na Austria kupitia Google Ads, na makao makuu yanataka ripoti kwa euro. Napakua matumizi ya kila akaunti kwa sarafu yake. Safu ya pauni siifuti hata nikishabadilisha, kwani bila hiyo siwezi kulinganisha jedwali na ankara.

Saa 4. Ankara zimeingia, na hazilingani na kampeni. Kampeni za Uingereza zinasoma pauni 6,000, ankara inasema 6,120. Austria ni euro 10,000 kwa 10,500. Hakuna aliyetuibia. Google huongeza ada ya kufidia kodi ya huduma za kidijitali: asilimia 2 kwa matangazo yaliyoonekana Uingereza, 5 kwa yaliyoonekana Austria. Kinachoangaliwa ni tangazo limeonekana wapi, mlipaji akae popote. Ada hiyo haimo kwenye safu ya `Cost`, hukutana nayo kwenye ankara tu.

Naiweka kwenye gharama, maana hairudi. VAT naiacha nje: kampuni yetu imesajiliwa, inaitangaza na kuidai yenyewe kwenye ritani.

Saa 6 mchana. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Mwezi uliopita pia tulitumia pauni 6,000. Wastani wa pauni wakati ule ulikuwa euro 1.20, mwezi huu 1.15. Kwa hiyo 7,200 imekuwa 6,900, na anayesoma ripoti ataamini tumebana matumizi kwa euro 300, ilhali hatujapunguza hata senti. Ndiyo maana naweka safu mbili: moja kwa kiwango tulichopangia bajeti, ambacho hakibadiliki mwaka mzima, nyingine kwa wastani wa mwezi. Ya kwanza inaonyesha kazi ya kampeni, ya pili ni ya wahasibu. Viwango navitoa Benki Kuu ya Ulaya. Wikendi haitoi, hivyo Jumamosi na Jumapili zinabeba cha Ijumaa.

Saa 9 alasiri. Mauzo ya Uingereza: pauni 24,000, VAT ya asilimia 20 ikiwa ndani.

"Dada, nimeshatoa asilimia 20, imebaki 19,200," ananiambia mwenzangu.

"Hapana, kaka, gawanya kwa 1.2. Asilimia 20 ilipigwa kwenye bei kabla ya kodi, siyo kwenye hii."

Inatoka 20,000. Tofauti ya pauni 800 kwa akaunti moja si ya kupuuzwa.

Saa 11 jioni. Natuma ripoti, nikiandika juu kabisa kiwango nilichotumia, na kwamba ada imo na VAT haimo. Mkuu wa masoko anauliza kama tuongeze bajeti ya Uingereza, maana kwenye skrini ya kampeni kila pauni inaleta 4. Namjibu kwamba 20,000 kwa 6,120 ni 3.27, na uamuzi aufanye kwa hiyo.