Wiki ya Kwanza Leipzig: Ufunguo Kwanza, Benki Baadaye

Ratiba ya wiki yangu ya kwanza Ujerumani niliandikiwa na dada mmoja wa Muheza, aliyekuwa amekaa Leipzig miaka kadhaa akisoma. Ilikuwa Agosti 2023, viza yangu bado iko ubalozini Dar es Salaam, nami nikamuuliza kwenye wasapu nikifika nianze na nini. Nilitarajia atanitajia chuo. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mdogo wangu, chuo kitakusubiri. Wewe anza na ufunguo wa chumba. Bila ufunguo huna anwani, bila anwani huna benki, na bila benki hela yako mwenyewe huioni."

Hela aliyoisema ni ile ya akaunti ya zuio. Mwanafunzi asiye na ufadhili huiweka kabla ya kupewa viza, ili serikali iamini kwamba ana cha kumtunza mwaka mzima. Mwaka ule kiwango kilikuwa yuro 11,208, na ukishafika unarudishiwa yuro 934 kila mwezi. Kwetu zilikuwa hela za shamba la baba pamoja na mchango wa ukoo. Lakini aliyeziweka hawezi kuzichota dirishani. Huingizwa kwenye akaunti ya kawaida ya benki iliyo kwa jina lake, na akaunti hiyo anatakiwa aifungue mwenyewe akishafika.

Kwa hiyo ratiba ya dada ilifuata karatasi ipi inazaa ipi. Barua ya mwenye nyumba huzaa cheti cha makazi. Cheti cha makazi huzaa akaunti ya benki, na akaunti ya benki ndiyo inayofungua ile ya zuio. Yote hayo baadaye ndiyo yanayopelekwa idara ya wageni kuomba kibali cha ukaazi, kwa sababu viza ya kuingilia ni ya miezi michache tu.

Jambo la kwanza alilonifanyisha nikiwa bado Dar ni kuweka miadi ya kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ya jiji, mtandaoni. Alisema mwanzo wa Oktoba wanafunzi wote huingia kwa mkupuo na nafasi hujaa wiki kadhaa kabla. Nikapata ya Jumatano, tarehe 4. La pili lilikuwa kuhakikisha nina hela mkononi za kuishi mpaka benki ikubali, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya chumba. Hela ya zuio haitoki siku unayotua, hata kama ni yako.

Nilitua Frankfurt Jumamosi, tarehe 30 Septemba, kupitia Addis Ababa. Askari wa mpakani aliuliza barua ya chuo na uthibitisho wa hela. Vyote nilikuwa navyo kwenye begi la mkononi, maana sanduku lilikuwa bado tumboni mwa ndege. Dakika chache, muhuri, nikapanda treni ya kwenda Leipzig. Dada alinipokea stesheni na kunilaza kwake, kwa sababu mkataba wangu wa bweni ulianza tarehe 1 Oktoba, na tarehe hiyo ilikuwa Jumapili. Jumapili Ujerumani maduka karibu yote yamefungwa, na msimamizi wa bweni naye hafanyi kazi. Hata Jumanne ya wiki ile ilikuwa sikukuu, tarehe 3 Oktoba, siku ya muungano wao. Dada alikuwa ameyapiga hesabu hayo yote. Jumatatu ilikuwa siku pekee ya kupata ufunguo kabla ya miadi yangu, nayo asubuhi tu.

Tulifika kwa msimamizi mapema. Alikuwa mzee mwenye funguo nyingi kiunoni na karatasi moja ya ukaguzi. Tulizunguka naye chumba kizima, akiandika kila mkwaruzo: mlango wa kabati, doa ukutani, ufa kwenye sinki. Dada akaniambia nipige picha kila alichokiandika na hata asichokiandika, kwa sababu siku ya kuhama karatasi hiyo ndiyo inayoamua amana yangu inarudi nzima au imekatwa. Ndipo nikaomba barua ya mwenye nyumba. Fomu hiyo inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, na ndivyo unavyoiandika ukiitafuta mtandaoni. Ni ukurasa mmoja: anwani, tarehe ya kuhamia, jina la mpangaji, sahihi ya mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga hausimami mahali pake. Sheria iliyoanza Novemba 2015 iliirudisha ili kuzuia watu kujiandikisha kwenye nyumba wasizokaa, na sheria hiyohiyo inakupa wiki mbili tangu uhamie uwe umeshajiandikisha. Ndiyo maana mtu anayepangishwa chumba kwa mdomo, na mwenye nyumba akakataa kuandika barua, anakwama na mambo mengine yote, hata kama analala kitandani kila usiku.

Kabla hatujaondoka, dada akanishika mkono hadi kwenye masanduku ya barua pale chini. "Jina lako liko wapi?" Halikuwepo. Kule mleta barua hasomi namba ya chumba, anasoma jina kwenye sanduku. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, na benki hutuma kadi na namba ya siri kwa posta, kila kimoja na bahasha yake. Kwa sisi Watanzania hapo pana jambo zaidi. Pasipoti yangu inachukua jina la babu kuwa jina la ukoo, lakini chuo kilinisajili kwa jina la baba, kama lilivyo kwenye cheti changu cha shahada ya kwanza. Dada akamwomba msimamizi aandike yote mawili. Mzee akachapa kibandiko kidogo cheupe, akakibandika, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikakaa sawa. Wiki iliyofuata barua zilikuja kwa majina yote mawili, na zote zilinifikia.

Jumatano nilikwenda ofisi ya wakazi na pasipoti, barua ya mwenye nyumba na fomu. Ilikuwa kazi fupi. Ila katika fomu kuna swali la dini, nalo linahitaji utulivu. Ujerumani Wakatoliki na Walutheri waliosajiliwa hukatwa kodi ya kanisa, ambayo huko Saxony, jimbo la Leipzig, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Mwanafunzi asiyelipa kodi ya mapato hakatwi kitu, lakini jibu hilo linabaki kwenye kumbukumbu zako mpaka siku utakapopata ajira. Mimi ni wa KKKT, nikaandika ukweli nikijua maana yake. Niliondoka na cheti cha makazi mkononi. Namba ya kodi, yenye tarakimu 11, nayo hutumwa kwa posta baada ya hapo bila kuombwa.

Alhamisi ndiyo ilikuwa nzito. Zile benki za kwenye simu nilikuwa nimeshaziondoa, kwa sababu huwa zinakuhakiki kwa video, na ile niliyoijaribu haikuwa na pasipoti ya Tanzania katika orodha ya zinazokubalika. Nikaenda tawi moja la mjini. Kijana wa dirishani akatazama viza yangu, akasema nirudi nikiwa na kadi ya kibali cha ukaazi. Nikamweleza kwamba kibali kinaombwa kwa kuonyesha hela, na hela zinahitaji akaunti. Akarudia jibu lake, kwa upole, kisha akaita anayefuata.

Nilimpigia dada nikiwa nje, mvua inanyunyiza. Hakushangaa. "Sasa sikiliza, mdogo wangu. Tuna njia mbili. Unaweza kuomba fomu ya akaunti ya msingi, hiyo hawana ruhusa ya kukunyima ovyo. Au tujaribu benki ya pili kwanza, nakuja." Akaunti ya msingi ipo kisheria tangu Juni 2016. Mtu yeyote anayekaa kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki nayo, na benki ikipokea ombi inapaswa kujibu ndani ya siku 10 za kazi. Ubaya wake ni kwamba siku hizo ni nyingi kwa mtu anayehesabu noti, na makato yake mara nyingi ni makubwa kuliko akaunti ya mwanafunzi. Tukaenda benki ya pili.

Mama aliyetuhudumia alipanga karatasi zangu mezani moja moja: pasipoti yenye viza, cheti cha makazi, barua ya chuo. Akauliza nalipa kodi nchi gani, nikampa TIN yangu ya Tanzania niliyoipata nilipokuwa kazini, na akakubali namba ya Ujerumani ije baadaye. Akahakikisha jina kwenye mkataba ni lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Kisha akachapa karatasi yenye namba ya akaunti, wao huiita IBAN, herufi DE zikifuatiwa na tarakimu 20, akaniambia akaunti inafanya kazi tangu saa hiyo hata kabla ya kadi kufika. Usiku ule nilipakia kwenye tovuti ya akaunti ya zuio picha ya cheti cha makazi, ukurasa wa viza na IBAN.

Chuo kilikuja Ijumaa, na kilikuwa chepesi kuliko vyote. Jambo moja tu linalowakwamisha watu ni bima ya afya. Tangu Januari 2022 hupeleki tena karatasi ya bima. Kampuni ya bima yenyewe ndiyo inayokitumia chuo ujumbe wa kielektroniki kwamba una bima, nawe unatakiwa kuiomba itume. Asiyejua hubaki anasubiri wiki nzima usajili ukamilike, na chuo nacho kinasubiri ujumbe. Mimi nilikuwa nimeomba tangu Septemba. Nikalipa ada ya muhula, zaidi ya yuro 200, na ndani yake mlikuwa na tiketi ya tramu.

Yuro 934 za kwanza ziliingia wiki iliyofuata. Kodi ya bweni, na bima ya kama yuro 120, zilikatwa moja kwa moja kwenye akaunti hiyohiyo, kwa hiyo dada alinifundisha kutoigusa kabla ya makato kupita. Mwezi uliofuata ikaja barua ya mchango wa redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi. Wengi huitupa wakidhani ni tangazo la biashara, nayo hurudi na faini. Nami wakati huo nilikuwa nimeshatuma ombi la kibali cha ukaazi, na viambatisho vyake vyote vilikuwa karatasi za wiki ile.