Ukuta Usiofika Juu

Sauti yake kwa mara ya kwanza niliisikia pamoja na mama mkubwa. Ilikuwa saa nne na robo usiku, mwaka 2019, nyumbani kwetu Magomeni. Nilikuwa nimejifunika kanga gubigubi ili mwanga wa simu usimwamshe binti wa mama mkubwa, mdogo wangu niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja. Tulikuwa tumemechi na yule kijana kama siku kumi nyuma kwenye programu ya kutafutia wachumba, tukahamia WhatsApp, na hadi usiku ule tulikuwa tunaandikiana tu. Ghafla akatuma ujumbe wa sauti. Nikaubonyeza kabla sijaiweka simu sikioni, nayo ikaropoka chumba kizima: "Mrembo, umelala? Mbona kimya?"

Upande wa pili wa ukuta mama mkubwa akakohoa. Mara moja tu.

Aliyekulia nyumba ya Kiswahili anaijua maana ya kikohozi kile. Yetu ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ukipita katikati kutoka barazani hadi uani. Kuta za vyumba hazikufika juu. Ziliishia kidogo juu ya milango, kuanzia hapo ni uwazi mtupu hadi kwenye bati, maana dari haikuwahi kuwekwa. Ukuta wa namna hiyo unazuia macho tu. Ukijigeuza kitandani, chumba cha tatu wanajua. Mpangaji wa mbele na mkewe walikuwa wakigombana kwa kunong'ona, na asubuhi nyumba nzima tulikuwa tumeshaamua nani mwenye kosa.

Nikamwandikia: "Usinitumie sauti tena."

"Una mume?"

"Nina mama mkubwa."

Akatuma vikaragosi vya kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka 26, nafanya kazi ya kuuza duka la dawa, nalipwa laki nne kwa mwezi, na nilikuwa bado natoa taarifa ya kwenda kununua vocha. Nilikuwa nimeshaulizia vyumba. Chumba cha maana kilikuwa laki moja na ishirini, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Jumla laki nane na arobaini kabla hujanunua hata ndoo. Lakini tuseme ukweli, hata ningekuwa nazo, ningemwambiaje mama mkubwa kwamba nahama kwake kwenda kukaa peke yangu, sijaolewa, wala sijahamishwa kikazi? Angeita kikao.

Nilimwandikia hayo yote, kwa kidole kimoja, ndani ya joto la kanga. Halafu nikamrudishia swali, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu rohoni. Kwenye wasifu wake alikuwa ameandika kwamba anaishi mwenyewe. Mtu anayeishi mwenyewe kwa nini apotee kila siku saa tatu hadi saa nne usiku? Siku kumi mfululizo, ikifika saa tatu, tiki zinabaki kijivu. Nilikuwa nimeshajijibu kimoyomoyo kwamba hiyo ndiyo saa anayokaa mezani na mkewe.

"Unaishi mwenyewe kivipi?" nikauliza.

Simu ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Nilidhani amekimbia. Kisha ukaja ujumbe mrefu kuliko yote aliyowahi kuniandikia. Alikuwa anakaa kwao Tandika, kwenye chumba cha uani chenye mlango wake, nyuma ya nyumba ya wazazi. Alikuwa na miaka 32. Zamani aliwahi kupanga Tabata kwa miaka miwili, akarudi baba yake alipopata kiharusi. Mama yake hakuweza kumwinua mzee peke yake. Kila usiku saa tatu yeye ndiye aliyekuwa akimnyanyua, kumsafisha, kumbadilisha shuka na kumlaza ubavu mwingine ili asipate vidonda, na simu alikuwa akiiacha chumbani kwake kwa sababu mikono yote miwili inahitajika.

"Ningeandika nakaa kwetu usingenijibu," akamalizia.

Alisema kweli. Nisingemjibu. Mwanamume wa miaka 32 anayekaa kwao, mimi na shoga zangu tulikuwa na jina lake, na si jina la heshima. Ajabu ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nakaa kwetu, tena si hata kwa mama mzazi, na hakuna aliyewahi kuniona mzembe kwa hilo. Nilibaki nimeishika simu, kanga imenilowa jasho, naona haya kwa ajili ya yule mke niliyemtungia.

Tangu hapo mazungumzo yakawa mepesi. Tukaanza kuelezana nyumba zetu kama mafundi wanaokagua. Mimi nikamwambia saa zangu: alfajiri mama mkubwa akiwa kwenye swala naweza kuandika, sauti hapana, mchana dukani naweza kuongea wateja wakipungua, baada ya isha ni maandishi tu, na akiona nimemjibu "sawa dada" ajue simu ameishika mdogo wangu, anacheza gemu. Kupiga, anipige nikiwa njiani kutoka kazini, kati ya kituo na msikiti, mwendo wa dakika kama kumi na mbili. Nikifika usawa wa wazee wa kahawa nakata. Asije akanileta hadi mlangoni na bodaboda, maana barazani kwetu hapakosi mtu, na mtu wa baraza hata asiposema neno, ameandika.

Yeye akaona ufumbuzi ni mwepesi. Njoo geto, akasema. Lina mlango wake.

"Mlango huo unafikiwaje?"

Akanieleza. Unaingia uchochoroni, unasukuma geti la bati, unatokea uani. Kushoto jiko la mkaa, na mama yake anashinda hapo kwenye kigoda tangu asubuhi. Kulia choo na bafu. Geto liko mbele, baada ya kamba za kuanikia.

"Kwa hiyo napita mbele ya mama yako."

"Hana neno. Utamwamkia tu."

"Nimwamkie kama nani?"

Hapo akanyamaza kweli. Sidhani aliwahi kulifikiria. Kwao, kama ilivyo nyumba nyingi, mtoto wa kiume akibalehe anatolewa nje, anapewa chumba cha uani, anaingia na kutoka apendavyo. Wa kike anabaki ndani, karibu na mama. Kwa hiyo alikuwa akiona mlango wake ni siri, kwa sababu yeye akipita hapo haulizwi. Mimi nikipita pale nikasema shikamoo mama, nimeshajitambulisha. Ataitikia marahaba, ataniangalia miguu hadi kichwa, na kuanzia dakika ile mimi ni mchumba, au ni yule msichana aliyeingia geto mchana kweupe. Cha katikati hakuna. Na tulikuwa hata hatujawahi kuonana.

Akaandika, baada ya muda: "Basi tutafute mahali pasipo na mama wa mtu."

Tulihangaika na hilo hadi saa saba usiku. Koko Bichi jioni, mimi natakiwa niwe nimerudi kabla ya isha. Mgahawa wa Mlimani City, mshahara wangu na wake vyote havikuwa na ubavu, na kule ndiko shoga zangu wote walikokuwa wakipigia picha. Nyumba ya kulala wageni aliitaja kwa kuzunguka sana, nikamwambia akiitaja tena nafuta namba. Mwisho nikakumbuka kwamba kila mwisho wa mwezi mama mkubwa anapenda samaki wa Feri, na kwamba hakuna anayeniuliza nimechukua saa ngapi kuchagua samaki.

Jumamosi nikapanda mwendokasi Mapipa, 650, nikashuka Kivukoni. Alikuwa amesimama karibu na lango la pantoni, mfupi kuliko picha zake, shati limepigwa pasi hadi limekuwa kama kadibodi. Tukalipa mia mbili mia mbili, tukasukumwa na umati hadi ndani, tukapata nafasi kwenye ukingo kati ya mwanamke mwenye matenga na bajaji iliyobeba magunia.

Injini ilipoanza kunguruma ndipo nikagundua tunaongea kwa sauti kubwa. Ilibidi. Watu mamia wamebanana, na hakuna aliyeweza kusikia neno la jirani yake. Kwa siku kumi na kitu nilikuwa nimemjua mtu huyu kwa kunong'ona na maandishi, sasa nampigia kelele sikioni kuhusu utoto wangu Tanga, naye ananipigia kelele kuhusu baba yake, kwamba siku nyingine mzee analia akisafishwa na yeye hajui aangalie wapi. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Tukashuka Kigamboni, tukala mihogo ya kukaanga na pilipili, tukarudi foleni, tukavuka tena. Mara nne kwa jumla. Mia nane kila mmoja, na sijawahi kununua faragha ya bei rahisi kama ile.

Mara ya tatu ndipo nilipomwona mama mmoja wa upatu wa mtaani kwetu, anakwenda Kigamboni na mtoto mgongoni. Tulikuwa tumekubaliana alama: nikihamisha mtandio bega la pili, yeye asogee. Nikauhamisha. Akasogea, akageukia bahari kama hanijui. Nikamwamkia yule mama, tukaulizana ya nyumbani, nikamshikia mfuko hadi tukashuka.

Tulipobaki wawili nikadhani tutacheka. Hakucheka. "Nimejisikia kama mwizi," akasema. "Kwetu nimefichwa kwenye chumba cha nyuma, na kwako nimefichwa kwenye pantoni." Nilimwambia si yeye ninayemwonea haya, ila ni lile swali la shikamoo kama nani. Akasema ameelewa, lakini uso wake ulikuwa na neno jingine, na safari ya nne tulivuka tukiongea mambo ya bei ya mafuta.

Saa tisa alasiri nilikuwa nyumbani na vibua vya elfu tano. Mama mkubwa alivimwaga kwenye beseni, akavigeuzageuza, akavinusa mashavu kimoja kimoja, akaridhika. Mdogo wangu alikuwa ametumwa dukani. Uani tulikuwa sisi wawili tu.

"Yule kijana wa juzi usiku," akasema bila kuinua macho, "alikuwa na mafua au ndiyo sauti yake?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya maswali yote isipokuwa hilo.

"Ndiyo sauti yake."

"Haya," akasema, akanisogezea kisu. "Paa samaki."